"Nikilipwa nitakulipa" si ruhusa ya kuilaza ankara mezani

Katika biashara ya ujenzi fedha hutoka kwa haraka na kurudi polepole. Mwenye duka la nyaya Kariakoo hutaka fedha yake mkononi, na akimwamini sana fundi humkopesha kwa siku 30. Vibarua hutaka ujira wao Jumamosi. Lakini kazi iliyofanywa kwa nyaya hizo na kwa mikono hiyo hupimwa mwisho wa mwezi, huombewa malipo, hukaguliwa na mhandisi mshauri, huandikiwa hati ya malipo, kisha husubiri mwenye mradi apate fedha. Baina ya siku ya kununua waya na siku ya kuona hundi, miezi mitatu au minne si jambo la ajabu.

Kwa sababu hiyo makandarasi wakuu wengi huandika katika mkataba wa mkandarasi msaidizi kifungu ambacho kila fundi amekwisha kukisikia: "nikilipwa nitakulipa". Maana yake ni kwamba mkandarasi aliyepewa sehemu ya kazi, iwe umeme, mabomba, lifti au vioo, hatalipwa mpaka mwenye mradi amemlipa mkandarasi mkuu. Kifungu chenyewe si wizi. Mkandarasi mkuu si benki, na kumtaka agharimie kazi za watu sita kutoka mfukoni mwake wakati mwenye mradi amekaa kimya ni kumwua kibiashara.

Ubaya uko katika namna kifungu hicho kinavyotumika ofisini. Ankara ya msaidizi ikifika hutiwa katika faili na kusubiri. Akija kuuliza, mhasibu humjibu kwa maneno matatu: "bado hatujalipwa wenzio". Hakuna aliyeipima kazi yake, hakuna aliyemwambia kama kiasi alichodai kimekubaliwa, na hakuna ajuaye kama kimeingizwa katika madai yaliyopelekwa kwa mwenye mradi. Siku fedha inapoingia, ugomvi ambao ungemalizika kwa dakika kumi mwezi wa kwanza huanza mwezi wa nne, wakati ukuta umekwisha kupigwa lipu na mabomba ya nyaya hayaonekani tena.

Hapo ndipo makandarasi wakuu wanapojidanganya. Kifungu cha "nikilipwa nitakulipa" huahirisha siku ya kulipa sehemu fulani ya fedha. Hakiahirishi wajibu wa kuipima kazi, wala wa kumjibu aliyeleta ankara, wala wa kumpitishia fedha yake pindi ikiingia. Mkandarasi mkuu anayeyachanganya mambo haya hujiletea kesi ambayo kifungu chake hakitamsaidia kuishinda.

Ankara moja, mafungu matano

Chukulia mfano wa jengo la ofisi la ghorofa nne linalojengwa Dodoma. Mkandarasi msaidizi wa umeme analeta ankara ya sh. milioni 40 tarehe 25 ya mwezi, bila kuhesabu Kodi ya Ongezeko la Thamani. Mkataba wake unasema atalipwa ndani ya siku 7 baada ya mkandarasi mkuu kupokea malipo ya mwenye mradi.

Mkadiriaji majenzi wa mkandarasi mkuu anakwenda kwenye jengo na ankara mkononi, akiongozana na msimamizi wa mafundi umeme. Wanakuta kwamba mabomba ya nyaya ya ghorofa ya tatu, yaliyodaiwa sh. milioni 4, bado hayajalazwa. Kiasi hicho kinaondolewa siku hiyo hiyo, kwa maandishi, na pande zote mbili zinatia saini karatasi ya vipimo. Zinabaki sh. milioni 36, nazo zinaingizwa katika madai ya mwezi yanayopelekwa kwa mhandisi mshauri.

Mhandisi mshauri naye anakata. Anaandika sh. milioni 34 kwa kazi ya umeme, kwa sababu nyaya za sh. milioni 2 zilizoko ghalani hazikuambatishwa stakabadhi za ununuzi. Hilo ni kosa la msaidizi mwenyewe. Lakini hawezi kulirekebisha kama hajaambiwa, na mkandarasi mkuu anayesubiri fedha iingie ndipo amwambie anakuwa amempotezea hati mbili za malipo badala ya moja.

Sasa hati yote ya mwezi huo ni ya sh. milioni 240, yaani kazi za mkandarasi mkuu na wasaidizi wake wote pamoja. Mwenye mradi anazuia asilimia 10, ambazo ni fedha za matazamio, zinabaki sh. milioni 216. Kisha anakata sh. milioni 16 kuwa fidia ya ucheleweshaji, kwa sababu mkandarasi mkuu alichelewa kumwaga zege la ghorofa ya pili. Anayopaswa kulipa ni sh. milioni 200. Lakini kasma yake haitoshi, hivyo analeta sh. milioni 128 tu na kuahidi kwamba zilizobaki zitafuata.

Fundi umeme apewe ngapi?

Hesabu yake inaanza kwenye sh. milioni 34 zilizoandikwa katika hati. Toa asilimia 10 za matazamio, yaani sh. milioni 3.4, zinabaki sh. milioni 30.6. Hapo hakuna mgogoro. Mgogoro huanza katika kugawa fedha pungufu, na ndipo wahasibu wengi wanapoteleza.

Mhasibu wa kwanza atasema zimeingia sh. milioni 128 kati ya 216, basi kila msaidizi apate kwa kiwango hicho, na fundi umeme apewe kiasi cha sh. milioni 18.1. Kwa kufanya hivyo amemtwisha fundi umeme sehemu ya fidia ya kuchelewa kwa zege, zege ambalo hakulimwaga. Sh. milioni 16 zilizokatwa hazikupotea njiani. Zimelipa deni la mkandarasi mkuu kwa mwenye mradi. Kwa hesabu ya wasaidizi wasiohusika na ucheleweshaji ule, fedha hizo zinapaswa kuhesabiwa kuwa zimepokelewa.

Hesabu iliyo sawa, basi, ni sh. milioni 128 ukijumlisha 16, jumla 144, kati ya 216. Hiyo ni theluthi mbili kamili. Fundi umeme anastahili theluthi mbili ya sh. milioni 30.6, yaani sh. milioni 20.4, ndani ya siku 7. Sh. milioni 10.2 zilizobaki ndizo peke yake zinazosubiri chini ya kifungu cha "nikilipwa nitakulipa".

Ankara ya sh. milioni 40 imekwisha kugawanyika katika mafungu matano. Sh. milioni 4 ni kazi ambayo haijafanywa. Sh. milioni 2 zinasubiri stakabadhi. Sh. milioni 3.4 ni fedha za matazamio. Sh. milioni 20.4 zinalipwa sasa. Sh. milioni 10.2 zinamsubiri mwenye mradi. Kila fungu lina sababu yake, mtu anayepaswa kulishughulikia na siku yake. Barua ya ukurasa mmoja yenye mistari hiyo mitano huzuia safari nyingi za kwenda na kurudi ofisini, na hakuna kifungu cha mkataba kinachokataza kuiandika.

Kifungu kinapokosa nguvu

Mkandarasi mkuu anapaswa kujua mapema mahali ambapo kinga yake inakoma. Ni kanuni ya zamani ya sheria ya mikataba kwamba mtu hawezi kunufaika na sharti ambalo yeye mwenyewe amelizuia lisitimie. Kama mwenye mradi hakulipia kazi ya umeme kwa sababu mkandarasi mkuu alisahau kuiingiza katika madai ya mwezi, au alipeleka madai bila vipimo, au dhamana yake ya benki imekwisha muda na mwenye mradi amezuia malipo mpaka ihuishwe, basi si mwenye mradi aliyekawia. Aliyekawia ni yeye. Kumwambia msaidizi "bado hatujalipwa" katika hali hiyo ni kumwambia ukweli nusu, na nusu iliyofichwa ndiyo itakayosomwa mbele ya msuluhishi.

Jambo la pili ni muda. Kifungu kikisema tu kwamba msaidizi atalipwa baada ya mkuu kulipwa, bila kusema itakuwaje kama mwenye mradi hatalipa kabisa, hakina maana kwamba msaidizi ataisubiri fedha yake hadi kufa. Mwaka 1962 mahakama ya rufani ya shirikisho huko Marekani iliamua kesi ya Dyer dhidi ya Bishop, ambamo mwenye mradi alikuwa ameshindwa kulipa madeni yake. Mkandarasi mkuu alijikinga kwa kifungu cha namna hii. Mahakama ilisema kifungu kile kilipanga wakati wa kulipa tu, na kwamba baada ya muda wa kutosha kupita deni lilikuwa palepale. Anayetaka kumhamishia msaidizi hatari ya mwenye mradi kufilisika lazima aseme hivyo waziwazi.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya ujenzi ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Mei 1, 1998, ilivifuta vifungu vya "nikilipwa nitakulipa" katika mikataba ya ujenzi, isipokuwa pale tu ambapo mlipaji wa juu amefilisika. Makampuni yalipojaribu kupita mlango wa nyuma kwa kuandika kwamba msaidizi atalipwa hati ya juu ikitolewa, marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2011 yaliuziba mlango huo pia.

Hukumu na sheria hizo hazimfungi hakimu wa Dar es Salaam au Arusha. Lakini zinaonyesha upepo unakovuma, na mawakili huzisoma. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo inalo fundisho linalofanana: pale ambapo mkataba hautaji muda wa kutimiza ahadi, ahadi hutimizwa ndani ya muda unaofaa. Mkandarasi mkuu mwenye busara hamwachii mtu mwingine amwamulie muda unaofaa ni upi. Huuandika mwenyewe.

Taarifa kabla ya siku ya malipo

Yapo masharti yaliyokwisha kuandikwa ambayo yanafaa kuigwa hata na wasioyatumia. Masharti ya FIDIC ya mkataba wa mkandarasi msaidizi ya mwaka 1994 humruhusu mkandarasi mkuu kuzuia au kuahirisha malipo katika hali zilizotajwa, ikiwamo ya mwenye mradi kutolipa kiasi kilichokwisha kuandikiwa hati. Lakini yanamtaka amweleze msaidizi sababu zake mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote si baada ya siku ambayo malipo yangestahili kufanywa.

Sharti hilo ni dogo na lina faida kubwa kwa pande zote. Msaidizi anayejua tarehe 20 kwamba hatapata fedha tarehe 28 anaweza kwenda kwa mwenye duka la nyaya kuomba siku 15 zaidi, na yumkini akapewa. Anayejua tarehe 28 jioni, hundi ya duka ikiwa imekwisha kupelekwa benki, hana la kufanya. Hundi ikirudi, duka linafunga mlango wa mkopo, na kazi ya umeme ya jengo la Dodoma inasimama. Mkandarasi mkuu aliyejiona ameokoa fedha anaanza kuhesabu siku za fidia ya ucheleweshaji mwingine.

Aidha, kwa wasaidizi walioteuliwa na mwenye mradi, mkandarasi mkuu asifikiri kwamba habari za malipo yao ni siri yake. Masharti ya FIDIC ya ujenzi ya mwaka 1999 yanampa mhandisi haki ya kudai uthibitisho kwamba msaidizi aliyeteuliwa amelipwa kilichoandikwa katika hati zilizotangulia, kabla ya kutoa hati mpya yenye fedha za msaidizi huyo. Uthibitisho usipopatikana, wala sababu ya haki ya kuzuia, mwenye mradi anaweza kumlipa msaidizi moja kwa moja na kuikata fedha hiyo kwa mkandarasi mkuu. Barua ile ya mistari mitano ndiyo uthibitisho wenyewe.

Fedha iliyoingia ina wenyewe

Ugonjwa mkubwa kuliko yote hauko katika fedha ambayo haijaja. Uko katika fedha iliyokwisha kuja. Sh. milioni 128 zinaingia benki Jumatatu, na Jumanne zinanunua nondo za mradi mwingine ulioko Singida, kwa matumaini kwamba hati ya Singida itafidia. Hapo mkandarasi mkuu amechimba shimo ili afukie shimo. Kifungu cha "nikilipwa nitakulipa" kimegeuka kuwa "nikilipwa nitatumia", na siku hiyo hoja yote ya kukitetea imekwisha. Anayesema hawezi kulipa kabla ya kulipwa hana budi kulipa akilipwa.

Dawa yake si ngumu. Siku hati ya malipo inapotolewa, kabla ya fedha kuingia, mhasibu aandike jedwali la wasaidizi wote waliomo katika hati hiyo, kila mmoja na kiasi chake baada ya fedha za matazamio. Fedha ikiingia, hesabu ya mgawo inafanywa kwa jedwali hilo na hundi za wasaidizi zinaandikwa siku ile ile, kabla ya matumizi mengine. Makampuni yenye miradi kadhaa yatafanya vizuri kufungua akaunti ya pembeni ambamo fedha za wasaidizi huhamishiwa mara moja, ili meneja wa mradi mwingine asizione na kuzitamani.

Deni lenyewe pia liandikwe katika vitabu tangu kazi ilipokubaliwa, si tangu fedha ilipoingia. Kampuni ya mfano huu inadaiwa na fundi umeme sh. milioni 10.2 zinazosubiri na sh. milioni 3.4 za matazamio hata kama siku ya kulipa haijafika. Mkurugenzi anayesoma vitabu visivyo na deni hilo ataona faida ambayo haipo, atanunua gari, na mwisho wa mwaka atashangaa.

Kodi haisubiri

Lipo jambo linalowaumiza wasaidizi ambalo mkandarasi mkuu anaweza kulipunguza bila kutoa senti. Chini ya Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014, kodi hudaiwa pale ankara inapotolewa, malipo yanapopokelewa au huduma inapotolewa, lolote litakalotangulia. Msaidizi aliyesajiliwa ambaye ametoa ankara ya kodi ya sh. milioni 40 kwa kiwango cha asilimia 18 amejiwekea kodi ya sh. milioni 7.2, na ritani yake inatakiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwenye mradi alipe au asilipe, Mamlaka ya Mapato inahesabu siku. Mkandarasi mkuu naye huweza kuidai kodi hiyo hiyo katika ritani yake kama kodi aliyotozwa, hali hajamlipa msaidizi shilingi. Hiyo ni faida isiyopendeza.

Kwa hiyo utaratibu uwe hivi: msaidizi alete kwanza ombi la malipo pamoja na vipimo, lisilokuwa ankara ya kodi. Vipimo vikishakubaliwa, atoe ankara kwa kiasi kilichokubaliwa. Walau atakuwa amejiepusha na kodi juu ya sh. milioni 4 za kazi ambayo haijafanywa, pamoja na usumbufu wa kutoa hati ya kuipunguza ankara. Hata hivyo isidhaniwe kwamba kuchelewesha ankara ni kuchelewesha kodi kwa kazi iliyokwisha kufanywa na kukubaliwa. Katika fungu hilo mhasibu wa msaidizi aisome sheria kabla ya kumwamini mtu.

Kifungu kiandikwe upya

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kumdekeza msaidizi, ambaye alitia saini akijua. Hoja hiyo ina uzito wake. Msaidizi ni mfanyabiashara, na hatari ya mwenye mradi kuchelewa inaweza kugawanywa baina yao. Lakini ni hatari hiyo moja tu. Hakutia saini kubeba uzembe wa ofisi ya mkandarasi mkuu, wala zege lililochelewa, wala nondo za Singida.

Kifungu kinachosimama kitaje mambo manne. Kwanza, tarehe ya mwisho ya kupokea maombi kila mwezi, ili ombi la fundi umeme lisifike siku tano baada ya madai ya mwezi kupelekwa na kusukumwa mwezi mzima mbele. Pili, siku za kupima na kujibu kwa maandishi. Siku saba zinatosha kwa kazi ya kawaida ya jengo. Tatu, namna ya kugawa fedha pungufu, pamoja na maneno yanayosema kwamba makato yaliyosababishwa na mkandarasi mkuu huhesabiwa kuwa fedha iliyopokelewa. Nne, ukomo. Siku 60 tangu hati kutolewa ni muda ambao pande mbili zinaweza kukubaliana, na baada ya hapo mkandarasi mkuu alipe nusu ya kilichobaki kutoka mfukoni, au msaidizi awe na haki ya kusimamisha kazi bila kudaiwa fidia. Mkataba mkuu ukiwa na riba kwa malipo yaliyochelewa, sehemu ya riba inayotokana na fedha ya msaidizi imfuate msaidizi.

Wapo pia ambao kifungu hiki hakiwafai kabisa. Kundi la mafundi wa nguvu kazi tupu, wanaofunga nondo au kupiga lipu na kulipwa kwa mita, halina mtaji wa kusubiri hati. Fedha yao ni ujira wa watu, na ujira haungoji mhandisi mshauri. Mkandarasi mkuu awalipe kila wiki au kila baada ya wiki mbili kwa vipimo vilivyokubaliwa, na gharama hiyo aiweke katika mpango wake wa fedha tangu alipoomba zabuni.

Kwa mkandarasi mkuu, faida ya kufanya hivi huonekana katika zabuni inayofuata. Fundi umeme ambaye ankara yake ililala mezani miezi minne bila jibu huongeza bei akiitwa tena, na nyongeza hiyo haiandiki katika mstari wowote unaoonekana. Huificha katika bei ya swichi na taa. Aliyepata sh. milioni 20.4 kwa wakati, na barua iliyomweleza ziliko sh. milioni 19.6 nyingine, hana sababu ya kuongeza. Wakandarasi wakuu wawili wakishindania jengo moja, huyo wa pili ndiye anayepata bei ya chini ya umeme, na mara nyingi bei ya umeme na mabomba ndiyo inayoamua nani ameshinda.